Digrii ya Chuo Ambacho Hakipo

Kabla ya mwaka 1970 hakuna mtu hata mmoja aliyepata digrii ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Majengo yalikuwepo, wahadhiri walikuwepo, wanafunzi walikuwa wakipita na vitabu kwapani, lakini karatasi waliyopewa siku ya mahafali ilikuwa na jina la chuo kingine. Ukilijua hili jambo moja utasoma cheti cha zamani vizuri kuliko mtu mwenye darubini. Usipolijua, unaweza kumwita mzee wa watu mwongo, naye yuko kaburini, hawezi kujitetea.

Mwaka jana niliombwa kusaidia kuandika kijitabu cha historia ya shule moja ya upili. Kamati ilitaka ukurasa mmoja wa walimu Waafrika wa kwanza waliofika pale wakiwa na digrii. Jina la mwalimu mmoja lilitajwa na kila mtu: Kiswahili chake, fimbo yake, baiskeli yake. Tukaomba familia itutumie picha ya cheti chake. Zikaja picha mbili, kila moja kutoka upande wake wa familia. Jina lile lile, digrii ya sanaa ile ile, mwaka 1968 ule ule. Ila vyuo vilikuwa viwili.

Picha ya kwanza ilitoka kwa binti yake. Cheti kilikuwa ndani ya fremu, kioo kinang'aa taa ya dari, karatasi imegeuka rangi ya chai, na simu ilikuwa imeshikwa upande hivi kwamba juu ya cheti palionekana pembamba kuliko chini. Kiliandikwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Picha ya pili ilitoka kwa mjukuu. Nyeupe, imenyooka, nembo inasomeka, kila herufi mahali pake. Chuo Kikuu cha Nairobi.

Unaweza kukisia kamati ilipendelea ipi. "Hiki kingine ni cha chuo gani? Mimi sijawahi kukisikia," alisema mmoja wao. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi ya kuajiri watu, alikuwa mkali zaidi: digrii moja haiwezi kuwa na vyeti viwili, kwa hivyo hapa kuna ujanja, na njia salama ni kuliondoa jina la mzee kabisa. Nikaomba wiki tatu.

Kazi ya kulinganisha hati na hati nyingine za ofisi ile ile ni ya zamani, na neno diploma lenyewe limo ndani yake. Kwa Kigiriki lilimaanisha kitu kilichokunjwa mara mbili. Baadaye Ulaya wakaliita hivyo barua la mfalme la kumpa mtu ardhi au haki. Mwaka 1675 Mjesuiti mmoja, Daniel Papebroch, alitia shaka hati nyingi za kale zilizokuwa kwenye nyumba za watawa, zikiwemo za abasia ya Saint-Denis karibu na Paris. Mtawa Mbenedikti, Jean Mabillon, alimjibu mwaka 1681 kwa kitabu kizima. Hakujibu kwa hasira. Alikusanya hati nyingi na kuonyesha jinsi kila ofisi, katika kila zama, ilivyokuwa na mwandiko wake, salamu zake, namna yake ya kuandika tarehe na kupiga muhuri. Papebroch akasoma, akakubali hoja. Tangu hapo kanuni haijabadilika: usiulize kama hati inafanana na unavyodhani hati inapaswa kuwa, uliza kama inafanana na zile ambazo ofisi hiyo hiyo ilizitoa wakati huo huo.

Sasa wakati huo huo wa Nairobi ulikuwa na majina mengi. Chuo kilifunguliwa mwaka 1956 kikiitwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Mwaka 1961 kikawa Chuo cha Kifalme Nairobi, na wanafunzi wa masomo kama sanaa na sayansi wakawa wanasomea digrii za Chuo Kikuu cha London. Mwezi wa Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja kwa nchi tatu, chansela wake akiwa Julius Nyerere. Matawi yake yakawa Makerere, Dar es Salaam na Nairobi, na tarehe 20 Mei 1964 tawi la Nairobi likapewa jina la Chuo Kishiriki cha Nairobi. Walioandikishwa kuanzia hapo walikuwa wakisomea digrii ya Afrika Mashariki. Masomo yaligawanywa pia: sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari wa watu Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi. Halafu mwaka 1970 muungano ukavunjwa, kila nchi ikachukua chuo chake, na ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kikazaliwa kwa sheria ya bunge.

Kwa hivyo kuna dirisha la miaka saba hivi ambamo kijana wa Kenya aliweza kusomea Nairobi, akala bwenini Nairobi, akavaa joho, na kurudi nyumbani na cheti cha chuo ambacho leo huwezi kukipata kwenye orodha yoyote ya vyuo vilivyo wazi. Mwalimu wetu aliingia 1965 akatoka 1968. Yuko katikati kabisa ya dirisha hilo.

Hiyo ilitosha kuipa picha ya kwanza haki ya kusikilizwa. Haikutosha kuithibitisha. Mtu anayejua historia anaweza pia kughushi kwa kufuata historia.

Nikatafuta sampuli. Sampuli lazima iwe ya chuo hicho, ya ngazi hiyo ya digrii, na ya miaka hiyo; cheti cha uzamili au cha mwaka 1985 hakikusaidii kitu. Kupitia walimu wastaafu nikapata vyeti vitatu nilivyoweza kuvishika kwa mkono: kimoja cha 1967, kimoja cha 1968, kimoja cha 1969. Wenyewe walivitoa kwenye bahasha za kaki polepole, kama mtu anayetoa yai kwenye kiota.

Kwanza nililinganisha mpangilio, kwa sababu hilo ndilo picha mbaya inaweza kulisema. Picha iliyopigwa kwa pembeni hugeuza mstatili kuwa umbo la ndoo, kwa hivyo huwezi kupima juu yake moja kwa moja. Unaweka alama kwenye kona nne za karatasi, programu ya picha inazivuta hadi mstatili urudi sawa, kwa kutumia vipimo vya sampuli. Ukishafanya hivyo usipime sentimita, pima uwiano. Ikiwa kwenye sampuli jina la chuo linachukua theluthi mbili za upana wa karatasi, basi na kwenye picha lichukue theluthi mbili. Ikiwa mstari wa jina la mhitimu uko juu kidogo ya nusu ya karatasi, uwe hapo hapo. Uangalie pia mistari inakatwa wapi: neno gani linamaliza mstari, neno gani linaanza unaofuata. Mghushi hukumbuka maneno. Mara nyingi hakumbuki yalipokatiwa.

Picha ya kwanza ilikaa juu ya sampuli ya 1968 kama kifuniko kwenye sufuria yake. Sehemu iliyochapishwa ililingana mstari kwa mstari. Sehemu iliyojazwa, yaani jina la mwalimu, haikuwa imekaa katikati barabara, ilikuwa imesogea kushoto kidogo. Mjumbe mmoja wa kamati aliliona hilo kuwa dosari. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: fomu ilichapishwa mara moja kwa wingi, na jina likajazwa baadaye, mtu kwa mtu. Kwenye sampuli zote tatu jina lilikuwa limesogea, kila moja kwa namna yake.

Baada ya mpangilio, kamati ilitaka kujua kuhusu karatasi. Mjumbe mmoja alikuza picha ya mjukuu kwenye simu yake akasema anaona ugumu wa karatasi, "ile ya cheti kabisa." Hapo ndipo wengi hupotea, na hesabu yake ni rahisi. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa hadi takriban pikseli 1600 kwa upande mrefu. Tuseme cheti chenye urefu wa sentimita 30 kimejaza robo tatu ya picha. Hizo ni pikseli 1200 kwa milimita 300, yaani pikseli nne kwa kila milimita. Unyuzi wa karatasi ni mwembamba mara nyingi kuliko robo ya milimita. Hauwezi kuonekana hapo, hata ukuze mpaka simu ipate moto. Kile unachokiona ni kazi ya simu yenyewe: ili picha iwe nyepesi, huikata katika vigae vya pikseli nane kwa nane na kulainisha kila kigae. Katika mfano wetu kila kigae ni milimita mbili za karatasi. Ukikuza, vigae hivyo huonekana kama mkwaruzo, na jicho linaloamini husema ni karatasi nzuri.

Maandishi madogo nayo yana shida hiyo hiyo. Herufi yenye kimo cha milimita moja na nusu inapata pikseli sita tu, na hapo herufi e na c ni ndugu mapacha. Picha ya kwanza ilikuwa na mstari mdogo chini ya saini, na hakuna aliyeweza kuusoma. Huo si ushahidi wa ughushi wala wa uhalali. Ni ushahidi kwamba tunahitaji picha nyingine.

Nikampigia binti simu. Nilimwomba amtafute fundi atoe kioo kwanza, kisha apige picha nne, na azitume kama faili la hati, si kama picha, ili zisipunguzwe. Ya kwanza, cheti kimelala mezani karibu na dirisha, simu ikiwa juu yake sambamba. Ya pili, pazia limefungwa na tochi imewekwa kwenye meza upande mmoja, mwanga ukipita juu ya karatasi kama jua la saa kumi na mbili jioni. Ya tatu, cheti kimeshikwa mbele ya dirisha ili mwanga upite ndani yake. Ya nne, simu imesogezwa karibu mpaka ione sentimita kumi tu za sehemu ya saini, na sarafu kando yake kwa kipimo. Kwa kamera yenye pikseli 4000 kwa upana, sentimita kumi hizo zinakupa pikseli 40 kwa milimita, mara kumi ya tulizokuwa nazo.

Alizipiga Jumapili baada ya kanisa, na mjukuu ndiye aliyeshika tochi.

Picha ya tochi ndiyo iliyosema zaidi. Mwanga wa ubavuni hugeuza kila kibonyeo kuwa kivuli. Muhuri, ambao kwenye picha ya fremu ulikuwa duara hafifu tu, ukasimama: ulibonyezwa kwenye karatasi bila wino, na nyuzi zilikuwa zimeinuka. Maandishi yaliyochapishwa nayo yalikuwa yamezama kidogo, kama herufi za chuma zinavyoacha alama zinapokandamizwa, na kwa karibu kila herufi ilikuwa na ukingo mweusi zaidi pale wino uliposukumwa pembeni. Jina la mwalimu halikuzama. Liliandikwa kwa kalamu, wino umenywewa na karatasi, na mahali kalamu ilipogeuka pana doa zito. Wino wa namna mbili, kazi za mikono miwili, kama kwenye sampuli. Kwenye mwanga wa dirisha karatasi ilionyesha mawingu sawa na ya sampuli ya 1968. Na ule mstari mdogo chini ya saini ukasomeka: ulikuwa cheo cha aliyesaini, na maneno yake yalikuwa yale yale.

Picha ya pili haikuwa na karatasi ya kupigiwa tochi. Mjukuu alikuwa na picha tu, aliyoirithi kwenye simu ya shangazi yake. Lakini kukataa hakuhitaji vingi kama kuthibitisha. Jina la chuo lilikuwa limetangulia kuzaliwa kwa chuo kwa miaka miwili. Umbo lake lilikuwa la A4 kamili, kipimo ambacho ofisi zetu zilikizoea baadaye, ingawa hilo peke yake nisingeliita ushahidi. Jina la mwalimu lilikuwa katikati kabisa, kwa mwandiko wa mlazo wenye mikia ambao kila aliyewahi kuandikiwa cheti cha semina anaujua: Monotype Corsiva, fonti iliyoletwa na kompyuta za miaka ya 1990. Kila herufi a ilikuwa sawa na a nyingine. Mkono wa mtu haufanyi hivyo.

Ila kilichoifunga kesi kilikuwa maandishi madogo, na kwenye picha hii yalisomeka bila shida. Chini ya saini paliandikwa Naibu Chansela, Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1968 Nairobi haikuwa na naibu chansela wake. Lilikuwa tawi, likiongozwa na mkuu wa tawi, Profesa Arthur Porter kutoka Sierra Leone. Saini yenyewe ilifanana na ya Dakta Josphat Karanja, naibu chansela wa kwanza baada ya 1970. Mwaka 1968 Karanja alikuwa London, balozi wa Kenya. Aliyetengeneza cheti hiki alikuwa na cheti halali cha miaka ya sabini mbele yake, akabadilisha jina na mwaka, akaacha saini. Kila kipande kilikuwa cha kweli mahali pake. Vilikutana tu kwenye karatasi ambayo visingeweza kukutana.

Kuna tahadhari moja ambayo lazima iwekwe kabla ya kutamka neno feki. Cheti kikipotea au kuungua, chuo kinaweza kumtolea mhitimu kingine, na kingine hicho huchapwa kwa fomu ya leo na kusainiwa na walio ofisini leo. Kwa hiyo saini ya baadaye kwenye tarehe ya zamani si lazima iwe wizi. Lakini karatasi kama hiyo kwa kawaida husema wazi kwamba ni ya kuchukua nafasi ya ile ya awali, na haiwezi kukipa chuo digrii ambayo hakikuitoa. Picha ya mjukuu haikusema neno lolote la namna hiyo.

Na bado hata picha nne za binti hazikuwa neno la mwisho. Zilionyesha kwamba hakuna kitu kwenye cheti kinachopingana na mwaka wake. Kwamba mtu huyu alihitimu, hilo husemwa na orodha. Yule mstaafu wa 1968 alikuwa ameweka kijitabu cha mahafali yao, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Tulizitenganisha kwa kisu cha siagi. Jina la mwalimu wetu lilikuwepo, nane kutoka juu, kwenye safu ya digrii ya sanaa.

Lilibaki swali la kamati: mtu mwenye cheti halali anatafuta nini kwa watu wa mihuri ya River Road? Binti ndiye aliyenijibu, na hakupenda kulijibu. Miaka ya tisini baba yake alipeleka cheti chake kwenye ofisi fulani kufuatilia malipo yake ya uzeeni. Kijana wa kaunta alikigeuza, akasema hakuna chuo cha namna hiyo, alete cha chuo kinachotambulika. Alirudi mara tatu na mara tatu akaambiwa hivyo hivyo. Mara ya nne alienda na karatasi nyeupe iliyonyooka. Ikapokelewa siku hiyo hiyo.

"Baba hakukitundika kile," aliniambia. "Alikitumia siku moja akakifungia. Kilichokuwa ukutani ni kile cha kwanza, siku zote."

Kamati ilikaa juu ya jambo hilo jioni nzima. Yule mjumbe mkali alisema kughushi ni kughushi, hata ukighushi ukweli, na sikumpinga, kwa sababu sheria inasema vivyo hivyo. Lakini swali lililokuwa mezani halikuwa kama mzee aliwahi kuvunja sheria miaka thelathini iliyopita mbele ya kaunta. Lilikuwa kama alisimama mbele ya darasa la shule hii mwaka 1968 akiwa na digrii yake mkononi. Hilo lilikuwa na jibu.

Kijitabu kimetoka. Ukurasa wa walimu una picha ya cheti chenye rangi ya chai, bila kioo, jina limesogea kushoto kidogo. Chini yake tuliandika sentensi mbili, kwa ajili ya kijana yeyote wa kaunta atakayekisoma: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970. Tawi la Nairobi ndilo lililokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.